Sala ya mama mkimbizi kule Kakuma

Katika kambi ya Kakuma, upande wa Turkana Magharibi, lugha za ibada ni nyingi kama mataifa yaliyokusanyika pale. Wadinka na Wanuer wana nyimbo zao, Wasomali wana misikiti yao, Wahabeshi nao makanisa yao. Lakini kwa wale waliotoka mashariki ya Kongo, na baadhi ya wale waliotoka Burundi, Mungu huombwa kwa Kiswahili. Kwa hivyo msomaji wa Nairobi au Mombasa akipita karibu na kanisa lao la udongo na mabati, hahitaji mkalimani. Atasikia ombi lenyewe, nalo huenda likawa namna hii:

"Baba Mungu, umetutoa Kivu, ukatuvusha mipaka na watoto mgongoni. Usiku huu utulinde tena. Mlango wetu ni bati na kufuli yake ni ndogo. Kesho binti yangu akienda kutafuta kuni, umrudishe mzima. Utupe chakula cha leo, kwani cha kesho tumekwisha kukila kwa deni. Ulainishe moyo wa mwenye duka. Na watoto hawa, Baba, wakiulizwa kwao ni wapi, uwape jibu. Usiniache nizeeke nikingojea simu."

Sikumnukuu mtu mmoja. Nimeyaunga maneno haya kutokana na mambo yanayojulikana kuhusu maisha ya pale, na kila ombi lililomo lina kisa chake.

Tuanze na kuni. Mtu wa mjini akisikia mkimbizi anaomba usalama hufikiria bunduki, na ni kweli bunduki ndiyo iliyomfukuza kwao. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, wakati maelfu ya vijana wa Sudan walipowasili kwa miguu baada ya kulazimika kutoka makambi ya Ethiopia. Lakini mtu akishafika kambini, hofu yake hubadilika sura. Turkana ni nchi kame, na kuni zinazogawiwa na mashirika aghalabu huisha kabla ya mgao mwingine. Zikiisha, mama au binti hana budi kuingia porini. Huko amewahi mtu kupigwa, kunajisiwa, au kunyang'anywa mzigo wake. Na Mturkana naye ana neno lake: miti ile ni malisho ya mbuzi wake, na kuuza kuni na makaa kambini ndiyo riziki yake. Mgeni akikata mwenyewe, mwenyeji amepoteza mti na mteja kwa mpigo mmoja. Ndiyo sababu mama huyu anamwombea binti yake kabla hata ya kutaja chakula.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa tutakaa kidogo.

Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wa mfano unaofikia kipimo hicho ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au dengu, mafuta kidogo, unga wa uji wenye virutubisho, sukari na chumvi. Chukua familia ya watu watano. Nafaka yao ni kilo 2 kwa siku, sawasawa na ile paketi moja ya unga unayonunua dukani. Kwa mwezi ni kilo 60. Hakuna nyama, hakuna mboga, hakuna sombe ambayo mama huyu alizoea kuitwanga kwao, lakini mtu hushiba.

Mwezi wa Juni 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kipimo kamili. Tukipunguza kila kitu kwa kiasi hicho, nafaka ya familia ile inakuwa kilo 16.8 kwa mwezi. Yaani ile paketi ya kilo 2 iliyokuwa ikiliwa kwa siku moja sasa yapaswa kuwatosha watu watano kwa siku tatu na nusu. Kila mmoja anapata kalori zisizofika 600 kwa siku. Baadaye mwaka huo huo familia zikaanza kupangwa katika makundi kulingana na uhitaji, na manung'uniko yakawa mengi, kwa maana ni nani atakayekubali kwamba njaa yake ni ndogo kuliko ya jirani?

Isitoshe, hata hizo kilo hazifiki zote chunguni. Nafaka ikitolewa ikiwa nzima lazima isagwe, na mwenye mashine ya kusaga hafanyi kazi bure. Hulipwa pesa ama hulipwa kwa sehemu ya nafaka yenyewe. Zikikosekana kuni, nyingine huuzwa. Sabuni nayo hainunuliwi kwa maneno. Kwa hivyo ukiona mkimbizi anauza mahindi ya msaada nje ya kituo cha ugavi, usiharakishe kusema kwamba ameshiba. Anauza sehemu ya chakula ili aweze kukipika kilichobaki.

Hapo ndipo mwenye duka anapoingia katika sala. Tangu mwaka 2015 sehemu ya posho ya Kakuma ilitolewa kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Pesa ziliingia katika laini ya mkimbizi, naye alizitumia kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Ulikuwa mpango wa heshima, maana mama aliweza kuchagua kati ya mchele na unga. Lakini posho ilipopungua na mwezi ukabaki na siku zile zile, watu wakakopa. Baadhi ya wenye maduka wakaanza kushika laini au kadi za wadeni wao kama rehani. Pesa zikiingia, deni linakatwa kwanza, halafu mama anakopa upya siku hiyo hiyo. Na mwaka 2025 pesa hizo zilipositishwa, mwenye duka naye alibaki na daftari lililojaa majina.

Ombi la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kwa kawaida hutajwa njia tatu za kumaliza ukimbizi: kurudi kwao, kukaa moja kwa moja katika nchi iliyompokea, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Kurudi Kivu kwahitaji Kivu yenye amani. Simu anayoingojea mama ni ya njia ya tatu. Duniani kote, wanaohamishwa kwa mwaka hawafiki mmoja katika kila wakimbizi mia, na Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikipokea wengi, ilisimamisha mpango wake.

Imebaki ile njia ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa uraia wa kuzaliwa mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkenya; kuzaliwa katika ardhi ya Turkana peke yake hakutoshi. Basi kijana aliyezaliwa Kakuma, akafanya mtihani wa Kenya na kuimba wimbo wa taifa shuleni, bado huhitaji ruhusa ya maandishi akitaka kutoka kambini kwenda Nairobi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilifungua milango zaidi ya kazi na biashara, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza makambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali zile zile.

Mtoto wa mama huyu ukimuuliza kwao ni wapi, atakutajia Kakuma bila kusita. Mama yake atataja kijiji ambacho mtoto hajapata kukiona. Karatasi ya familia ina jina la kambi, namba, na nchi ya asili.