Kuandika Upya Notisi ya Ada: Kutoka Ilani ya Vitisho hadi Barua Yenye Ratiba ya Malipo

Katika uandishi wa barua rasmi na matangazo, swali linaweza kukupa andiko lenye kasoro na kukutaka uliandike upya. Watahiniwa wengi hubadilisha maneno mawili matatu makali, wakaweka "tafadhali" mwanzoni, kisha wakadhani kazi imekwisha. Katika somo hili tutachukua andiko moja na kulifuata hadi mwisho. Ni notisi ya ada kutoka shule ya bweni isiyo ya serikali wilayani Mbinga, kwenda kwa mzazi. Shule na takwimu zake ni za mfano.

Kwanza elewa ni shule gani inayoandika notisi ya namna hii. Shule za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita wakafuata mwaka 2022. Kwa hiyo ukipewa swali hili, mwandishi wako ni mkuu wa shule binafsi au ya taasisi ya dini. Usije ukaandika juu ya barua yako anwani ya shule ya serikali.

Soma notisi yenyewe:

ILANI YA MWISHO
Mzazi wa ............ (Kidato cha III)
Salio lako ni Sh. 950,000/=. Unatakiwa kulipa deni hili haraka iwezekanavyo. Mwanafunzi asiyelipa hatapokelewa. Wazazi muache tabia ya kukwepa wajibu wenu.
Kwa amri,
Mkuu wa Shule.

Ukali unaonekana mara moja, lakini tutaanza na namba, kwa sababu hapo ndipo penye kosa kubwa. Ada ya shule hii ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka, nayo hulipwa kwa awamu nne za shilingi 400,000: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mzazi huyu alilipa 400,000 mwezi Januari na 250,000 mwezi Aprili, jumla 650,000. Ukitoa 650,000 katika 1,600,000 unapata 950,000, kwa hiyo hesabu ya mhasibu ni sahihi. Hata hivyo notisi inaandikwa tarehe 2 Juni. Kufikia siku hiyo mzazi alipaswa kuwa amelipa awamu mbili tu, yaani 800,000. Kiasi alichochelewesha ni 150,000. Shilingi 800,000 nyingine ni za Julai na Oktoba, na muda wake haujafika.

Tazama basi notisi imefanya nini. Imemwita mkwepaji wa 950,000 mtu ambaye amechelewesha 150,000. Mzazi anayejua hesabu atakasirika, naye asiyeijua atakata tamaa. Notisi nzuri hutenganisha kiasi kilichopitwa na muda na kiasi ambacho muda wake bado. Ukilifanya hilo peke yake, nusu ya ukali itaondoka kabla hujagusa neno lolote.

Sasa neno "salio". Katika vitabu vya hesabu salio ni kinachobaki baada ya kutoa, na mhasibu hakukosea kulitumia. Lakini mzazi hulisikia kila siku kwenye simu, na huko salio ni fedha aliyonayo. "Salio lako ni 950,000" linaweza kueleweka kwamba shule imemtunzia mzazi fedha hiyo! Neno "deni" linaeleweka, ila lina uzito wa lawama, na si haki kuliita deni jambo ambalo muda wake haujafika. Andika "ada iliyobaki kulipwa". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hakuna atakayeuliza maana yake.

"Haraka iwezekanavyo" ni kosa la aina nyingine. Halina tarehe. Mkuu wa shule anaweza kuwa na maana ya wiki hii, na mzazi akaelewa kuwa ni baada ya kuuza kahawa. Wote wawili watakuwa wameisoma vizuri. Vivyo hivyo "hatapokelewa": hatapokelewa lini, na akilipa sehemu je? Halafu kuna sentensi ya mwisho. Notisi ilianza kwa kumwambia mzazi mmoja ("salio lako"), mara ikahamia kwa wazazi wote ("muache tabia ... wajibu wenu"). Mtahini ataliona hilo kama kosa la nafsi. Mzazi ataliona kama kusemwa mbele ya watu. Sentensi hiyo haitengenezeki, ifute.

Tukifika kwenye ratiba ya malipo, usigawanye tu kiasi kwa idadi ya miezi. Jiulize fedha ya mzazi huyu hupatikana lini. Tuseme mzazi wetu ni mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo. Kahawa ya huko huanza kuvunwa karibu na Mei na uvunaji huendelea miezi kadhaa. Mkulima hupeleka kahawa yake kwenye chama cha ushirika cha msingi, na fedha huja baada ya kahawa kuuzwa, si siku anapoipeleka. Ukimdai 150,000 tarehe 10 Juni, unamdai mtu ambaye mali yake iko juani inakauka. Ukimpangia kiasi kidogo Julai na kikubwa zaidi Agosti, Septemba na Oktoba, unampangia kitu anachoweza kutimiza.

Angalia pia kalenda. Chagua siku za kazi, si Jumapili wala sikukuu. Ukimpangia mzazi tarehe 14 Oktoba, utakuwa umempangia Siku ya Nyerere, na benki zimefungwa. Tarehe 15 ya Julai, Agosti, Septemba na Oktoba mwaka 2025 zote ni siku za kazi, tena tarehe moja kila mwezi ni rahisi kukumbukwa.

Hii hapa barua iliyoandikwa upya. Anwani ya shule hukaa juu upande wa kulia kama ulivyozoea, ikifuatwa na tarehe. Anwani ya mzazi hukaa kushoto.

Shule ya Sekondari ............,
S.L.P. ............,
MBINGA.
2 Juni 2025

Mzazi/Mlezi wa ............ (Kidato cha III),
S.L.P. ............,
MBINGA.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: ADA ILIYOBAKI KULIPWA KWA MWAKA 2025

Tunakushukuru kwa malipo ya shilingi 400,000 ya mwezi Januari na shilingi 250,000 ya mwezi Aprili. Jumla tumepokea shilingi 650,000 kati ya ada ya mwaka ya shilingi 1,600,000.

Ada iliyobaki kulipwa ni shilingi 950,000. Kati ya hizo, shilingi 150,000 ni za awamu ya pili, ambayo muda wake umepita. Shilingi 800,000 ni za awamu ya tatu na ya nne.

Tunapendekeza ulipe kama ifuatavyo:

15 Julai: shilingi 150,000 (zitabaki 800,000)
15 Agosti: shilingi 250,000 (zitabaki 550,000)
15 Septemba: shilingi 250,000 (zitabaki 300,000)
15 Oktoba: shilingi 300,000 (ada itakuwa imekamilika)

Mwanao ataendelea na masomo wakati wote unapofuata ratiba hii. Iwapo haikufai, tunakuomba ufike ofisi ya mhasibu au upige simu namba ............ kabla ya tarehe 20 Juni ili tupange nyingine. Tusipopata malipo wala taarifa kutoka kwako kufikia tarehe 15 Julai, tutakuomba ufike shuleni kwa mazungumzo.

Ukilipa benki au kwa wakala, andika jina kamili la mwanafunzi na kidato chake, kisha utunze stakabadhi. Kama umelipa fedha ambayo haikutajwa katika barua hii, tafadhali tuletee stakabadhi hiyo tuirekebishe.

Wako katika malezi,
(sahihi)
(jina)
Mkuu wa Shule

Jumlisha malipo manne ya ratiba: 150,000 na 250,000 na 250,000 na 300,000. Utapata 950,000. Fanya hesabu hii kila mara kabla ya kukabidhi karatasi yako, maana ratiba isiyolingana na kiasi kilichotajwa juu yake huharibu barua nzima. Maneno ya "zitabaki" yapo kwa sababu hiyo hiyo: mzazi anaweza kujikagua mwenyewe kila mwezi bila kupanda gari kwenda kumwuliza mhasibu.

Aya ya mwisho inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozuia ugomvi mwingi. Mzazi humtuma kijana kwa wakala, wakala anaweka fedha, na kwenye hati panaandikwa jina la aliyeileta. Shule inaona fedha imeingia na haijui ni ya nani. Miezi miwili baadaye mzazi aliyekwisha kulipa anaandikiwa notisi. Ndiyo maana barua inakiri kwamba shule nayo inaweza kuwa na kosa.

Mwanafunzi mmoja anaweza kusema barua hii inambembeleza mzazi. Isome tena. Kiasi kimetajwa, tarehe zimetajwa, na hatua itakayochukuliwa imetajwa. Notisi ya kwanza, pamoja na ukali wake wote, haikuwa na tarehe hata moja ya kumbana mtu.

Kumbuka na namna inavyofikishwa. Notisi ya kwanza ilikuwa karatasi wazi aliyokabidhiwa mwanafunzi mbele ya wenzake. Barua hii huwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Huenda pia nyumbani ikasomewa bibi asiyeona vizuri, na msomaji akawa jirani au mwanafunzi mwenyewe; sentensi fupi zinasikika vyema zikisomwa kwa sauti.

Zoezi
Mama mmoja wa Mbamba Bay, mwambao wa Ziwa Nyasa, hununua usipa kwa wavuvi, huukausha na kuuuza. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi huwa mzuri zaidi siku za giza, mwezi usipoonekana. Ana ada iliyobaki ya shilingi 950,000 kama mzazi wetu wa Mbinga. Mwandikie barua yenye ratiba inayomfaa.

Dokezo la jibu
Fedha ya mama huyu haiji kwa mkupuo mmoja wa mavuno. Huja kidogo kidogo, ikipanda na kushuka kila mwezi. Malipo matano yaliyo sawa, ya shilingi 190,000 kila moja kuanzia Julai hadi Novemba, yatamfaa kuliko ratiba ya mkulima wa kahawa. Tarehe ziweke siku chache baada ya siku za giza, usipa ukiwa umekauka na kuuzwa. Kwa kuwa siku hizo husogea mwezi hadi mwezi, tarehe za malipo hazitakuwa moja kila mwezi, kwa hiyo ziandike zote tano kikamilifu. Malipo ya mwisho yakiwa Novemba, shule inampa mwezi mmoja zaidi ya awamu ya Oktoba. Litaje hilo waziwazi katika barua, ili mhasibu asije akamwandikia ilani.