Tauni ya Lushoto yafunza kuandaa jedwali la vimelea

WANAFUNZI wengi wa uuguzi, maabara na udaktari huandaa jedwali la safu nne ili kukumbuka magonjwa: kimelea, silaha zake za kudhuru mwili, ugonjwa na dawa ya kwanza. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuzikariri safu hizo bila kuona namna moja inavyozaa nyingine.

Mfano mzuri unatoka Lushoto, mkoani Tanga, ambako tauni iliripotiwa mwaka 1980. Hadi mwaka 2004, wagonjwa zaidi ya 7,000 walikuwa wameorodheshwa katika wilaya hiyo ya Milima ya Usambara, na zaidi ya 500 kati yao walifariki dunia.

Safu ya kwanza huandikwa Yersinia pestis, bakteria anayeishi kwa panya na kuenezwa na viroboto. Ndani ya kiroboto, ambako joto ni dogo, bakteria huyo hatengenezi utando wake unaoitwa F1. Akiingia katika mwili wa binadamu wenye nyuzi 37, huuvaa utando huo, na chembe nyeupe za damu hushindwa kummeza. Kimeng'enya kiitwacho Pla humsaidia kusambaa kutoka kwenye jeraha, na protini za Yop hulemaza kinga.

Silaha hizo ndizo zinazoeleza safu ya tatu. Kiroboto akiuma mguu, bakteria hukimbilia tezi za kinena, nazo huvimba na kuuma sana; hiyo ni tauni ya mitoki. Akipenya kwenye damu, huweza kufika mapafuni. Mgonjwa wa tauni ya mapafu huambukiza wengine kwa kukohoa, na asipotibiwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze, ni nadra kupona.

Utando wa F1 una faida nyingine kwa mwandishi wa jedwali: ndio unaotafutwa na kipimo cha haraka cha tauni.

Safu ya nne ndiyo yenye hatari zaidi. Anayeandika "penisilini" kwa mazoea amepotosha, kwani dawa za jamii hiyo hazitegemewi kutibu tauni. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa streptomaisini. Hata hivyo, mwaka 1995 bakteria sugu kwa dawa hiyo na nyingine kadhaa alipatikana kwa mgonjwa nchini Madagaska. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja pia jentamaisini, doksisaiklini na dawa za kundi la siprofloksasini.

Kwa hiyo, mstari wa tauni usomeke hivi:

Kimelea: Yersinia pestis.
Silaha: utando F1, Pla, Yop.
Ugonjwa: tauni ya mitoki, ya damu, ya mapafu.
Dawa: jentamaisini au siprofloksasini (mwongozo wa 2021).

Mwaka ulio kwenye mabano usiachwe. Jedwali lisilo na mwaka haliwezi kumwonyesha msomaji kwamba dawa iliyotajwa imekwisha kupitwa na wakati.