Picha ya uso iliyogeuzwa na aplikasio: unaruhusiwa kuiuza?

Ukipita leo kwenye studio za picha za Butembo ao Beni, utasikia makiliya wanaomba kitu kimoja: «Unifanyie hii picha ikuwe sawa katuni», ao «sawa ile ya kuchora na rangi». Zamani kazi hiyo ilihitaji muchoraji mwenye mukono muzuri na siku kadhaa. Leo kijana mwenye telefone na megabaiti anaimaliza katika dakika tano, kupitia aplikasio ya akili bandia. Tangu mwezi wa tatu mwaka 2025, wakati kampuni OpenAI ilipoweka utengenezaji mupya wa picha ndani ya ChatGPT, watu wengi duniani walianza kugeuza nyuso zao kuwa sawa filme za katuni za Ujapani.

Kujifurahisha na uso wako mwenyewe, hiyo haina shida kubwa. Shida inaanza pale unapopokea franga za mutu. Hapo masharti ya aplikasio, yale ambayo sisi wote tunabonyeza «J'accepte» bila kusoma, yanakuwa mukataba wa kweli kati yako na kampuni.

Tuchukue mufano ambao tumeutunga, lakini unafanana na kazi ya kila siku. Mwanaume anaingia katika studio moja ya Butembo. Baba yake amefariki, na familia inatayarisha matanga. Analeta picha ya muzee, iliyopigwa kwenye ndoa moja kule Beni na mupiga picha mwengine. Anataka uso wa muzee uchorwe sawa rangi ya mafuta, uwekwe katika kadri moja kubwa na kwenye tishati 40. Kadri ni dola 20, tishati moja ni dola 2 na nusu. Jumla dola 120. Mwenye studio anakubali. Sasa, ni nani anaweza kumukataza?

Wa kwanza ni kampuni yenye aplikasio. Masharti yao hayafanani, lakini ukiyasoma mengi unaona yanaanguka katika mafungu machache. Kuna aplikasio ndogo za telefone, zile za kugeuza uso, zinazosema kazi zao ni kwa matumizi ya mutu binafsi tu. Kwa Kiingereza utaona `personal, non-commercial use`, kwa Kifaransa `usage personnel et non commercial`. Sentensi hiyo ikiwa ndani, tishati 40 za kuuza haziruhusiwi, hata kama ulilipa abonema. Watu wengi wanachanganya: kulipa kunaondoa matangazo na alama ya kampuni juu ya picha, lakini hakuleti kila mara ruhusa ya biashara. Kukata ile alama na kuuza picha, hilo ni kosa juu ya kosa.

Fungu lingine ni la zana kubwa. OpenAI inaandika katika masharti yake kwamba kile kinachotoka ni chako, kati yako na wao, na unaweza kukiuza, hata kama unatumia bure. Midjourney nayo inasema picha uliyotengeneza ni yako, na inabaki yako hata ukiacha kulipa abonema. Isipokuwa kampuni yenye kuingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka inapaswa kuchukua abonema za juu. Studio ya Butembo haifiki huko. Lakini tukumbuke kwamba wakati Midjourney ilikuwa inawaacha watu wajaribu bure, picha za wale wasiolipa zilikuwa chini ya lisanse isiyoruhusu biashara. Kwa hiyo mutu mwenye picha za wakati ule katika telefone yake asifikiri kwamba kulipa leo kunazisafisha.

Canva, ambayo studio nyingi zinatumia kwa kupanga maandishi na maua, iko na njia yake. Unaweza kuuza tishati ao kadi uliyotunga ndani yake. Usichoweza ni kuchukua ua moja ao muchoro mumoja wa kwao na kuuuza peke yake bila kuubadilisha. Tena, ukitumia michoro ya maktaba yao kwa kumutengenezea mufanyabiashara nembo ya duka, hataweza kuiandikisha kuwa alama yake ya biashara, kwa sababu muchoro uleule unaweza kuwa kwenye duka la mwengine.

Ile neno «kati yako na wao» inastahili tusimame kidogo. Kampuni inasema tu kwamba yenyewe haitakudai. Haisemi kwamba hakuna mutu mwengine atakayekudai. Karibu masharti yote yanaongeza kwamba wewe unayeingiza picha unathibitisha kuwa una haki juu yake, na matatizo yakitokea ni yako. Njo hapa studio nyingi zinaanguka, maana zinafikiri ruhusa ya aplikasio imemaliza yote.

Turudi kwa muzee wetu. Picha ile ya ndoa ilipigwa na mutu. Sheria ya Kongo juu ya haki za watungaji, ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986, inalinda pia kazi za picha. Familia ilinunua karatasi, lakini kununua karatasi si kununua haki ya kuigeuza na kuichapa mara 40.

Wako wanaosema: «Lakini nimeibadilisha, si picha yake tena.» Jibu la swali hilo lilitolewa wazi huko Amerika, na ingawa hukumu ya kule haifungi tribinali ya Butembo, inaonyesha namna waamuzi wanavyofikiri. Mwaka 1981, mwanamuke mupiga picha, Lynn Goldsmith, alipiga picha ya mwimbaji Prince. Mwaka 1984 gazeti Vanity Fair lilimulipa dola 400 ili muchoraji Andy Warhol aitumie kwa kuchora picha moja, itumike mara moja tu. Warhol alitengeneza picha 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni yenye gazeti hilo ililipa shirika la Warhol dola 10,000 kwa moja kati ya zile nyingine, yenye rangi ya machungwa. Goldsmith hakupata hata senti. Kesi ilifika kwenye tribinali ya juu kabisa, na tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka 2023 waamuzi 7 kwa 2 walimupa haki Goldsmith. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: picha ya Warhol iliuzwa kwa kazi ileile ambayo picha ya Goldsmith ingeuziwa, yaani kumuonyesha Prince katika gazeti. Kubadilisha rangi na mushono hakukutosha.

Ikiwa Warhol mwenyewe, na jina lake lote, hakupita, kijana wa Butembo mwenye aplikasio asitegemee kwamba «nimeibadilisha» itamuokoa. Katika mufano wetu, dawa si ngumu. Mwenye studio anauliza: «Papa, hii picha alipiga nani?» Kama mupiga picha wa Beni anajulikana, anamupigia simu, wanapatana kitu kidogo, na jibu linabaki kwa maandishi katika WhatsApp: picha gani, nakala ngapi, kwa kazi gani. Mara nyingi katika matanga mutu hatakataa. Kama picha ilipigwa na mutoto wa familia na telefone yake, ruhusa ni ya huyo mutoto, na jambo limeisha.

Wahusika wa Disney na wa filme nyingine ni hatari zaidi. Kiliya akiomba mutoto wake avalishwe sawa mutu wa filme fulani, kwa ajili ya kuuza kalenda, kataa. Mwezi wa 6 mwaka 2025 Disney na Universal zilishitaki Midjourney yenyewe juu ya wahusika wao. Kampuni ikiwa inashitakiwa, masharti yake hayawezi kukupa wewe kile yenyewe inadaiwa kutokuwa nacho.

Kisha kuna uso wenyewe. Hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko franga. Kodi ya namba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inalinda habari za mutu binafsi, na picha ya mutu anayetambulikana ni moja kati ya hizo. Ukiingiza uso wa kiliya katika aplikasio, unautuma kwenye mashine za kampuni iliyo mbali. Katika Midjourney, picha zinazotengenezwa zinaonekana na watu wengine. Kuzificha kunahitaji abonema ya `Pro` ao `Mega`, na `Pro` ni dola 60 kwa mwezi. Katika ChatGPT ya kawaida, unachoingiza kinaweza kutumiwa kufundisha mashine, mupaka ufungue `Settings`, kisha `Data Controls`, na kuzima `Improve the model for everyone`. Inachukua nusu dakika.

Fikiria sasa familia iliyokimbia vita katika teritware ya Beni, isiyotaka uso wa mutu wake uonekane mahali popote. Mwenye studio anapashwa kuwaambia mbele ya kuanza: picha itapita katika aplikasio hii, itabaki ao haitabaki huko. Wakikataa, kuna programu za kompyuta zinazofanya kazi bila enternet, na kuna wachoraji wa mukono. Pia usiweke kazi ya kiliya kwenye Facebook ya studio kama tangazo bila kumuuliza. Yeye alilipa tishati, hakulipa kutangaza biashara yako.

Kitu cha mwisho ni kile unachomuuzia kiliya. Wengi wanaandika kwenye fakture «haki zote ni zako». Hiyo ni kuahidi usichokuwa nacho. Ofisi ya haki za watungaji ya Amerika iliamua mwezi wa 2 mwaka 2023 kwamba picha za kitabu kimoja cha katuni zilizotoka Midjourney hazilindwi, kwa sababu hazikutungwa na mutu. Maandishi na mupangilio wa mwandishi ndivyo vilivyolindwa. Tena OpenAI inaonya kwamba mutu mwengine anaweza kupata picha inayofanana na yako. Kwa hiyo mbele ya kuuza, fungua masharti ya aplikasio, tafuta ndani ya ukurasa neno `commercial`, piga picha ya skrini yenye tarehe (masharti yanabadilika), na uiweke pamoja na fakture. Na juu ya fakture ya muzee wetu, sentensi kama hii inatosha:

«Picha imetengenezwa kwa musaada wa akili bandia, kutoka picha iliyoletwa na kiliya, kwa ruhusa ya aliyeipiga. Kadri 1 na tishati 40 kwa matanga ya familia. Kuchapa kwa kuuza tena kunahitaji kupatana upya.»