Kazi Imekua, Mshahara Umebaki Palepale

Mfanyakazi aliyekaa miaka minne au mitano kwenye cheo kimoja huwa na sababu mbili mdomoni anapokwenda kuomba nyongeza: nimetumikia muda mrefu, na maisha yamepanda. Zote ni za kweli, lakini mwajiri huzijibu kwa sentensi moja, kwa sababu kila mtu pale ofisini anazo. Hoja iliyo ngumu kujibu ni hii: kazi ninayoifanya leo siyo ile mliyoniajiria. Hoja hiyo haitoki kichwani siku ya kikao. Huandaliwa kwa karatasi.

Tumchukue mhasibu wa kampuni ya usambazaji bidhaa Dar es Salaam, anayelipwa shilingi 1,400,000 kabla ya makato. Mkataba wake wa zamani unataja kazi tatu: kuingiza ankara za wauzaji, kuandaa malipo na kulinganisha vitabu na taarifa za benki. Leo anaandaa pia ritani ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, anasimamia makarani wawili, na wakaguzi wa nje wakija ndiye anayekaa nao.

Kwa kila kazi iliyoongezeka aandike mambo matatu: ilianza lini, ushahidi uko wapi, na nani alikuwa akiifanya kabla yake. Swali la mwisho ndilo lenye uzito, na ndilo watu wengi hulisahau. Kama ritani zilikuwa za mhasibu mwandamizi aliyeondoka na nafasi yake haikujazwa, basi kampuni imekuwa ikiokoa mshahara mzima kila mwezi kwa kumtwika yeye kazi hizo. Bosi anayeona hilo limeandikwa, pamoja na barua pepe iliyomkabidhi kazi, ataacha kuliona ombi kama lalamiko.

Sheria nayo ina la kusema. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Kifungu hiki hakimlazimishi kuongeza mshahara. Lakini kuomba maelezo ya kazi yarekebishwe ni njia ya heshima ya kufungua mazungumzo, na yakisharekebishwa, tofauti kati ya kazi na malipo inakuwa ndani ya faili la kampuni yenyewe.

Baada ya hapo ndipo apige hesabu ya kiasi. Tuseme anataka 1,800,000, yaani nyongeza ya 400,000. Kwa wanaochangia asilimia 10 NSSF, zinaondoka 40,000. Zinazobaki, 360,000, kwa kiwango chake cha mshahara zinakatwa kodi ya asilimia 30, yaani 108,000. Mkononi anabaki na 252,000. Kama hesabu ya ada na kodi ya nyumba aliifanya kwa laki nne kamili, ombi lake lilipaswa kukaribia 635,000. Wengi hugundua hili mwezi wa kwanza wa nyongeza, wakati hawawezi tena kurudi mezani.

Wakati wa kuomba ni muhimu kuliko ufasaha. Kampuni inayofunga mwaka wake Desemba huwa inapanga bajeti miezi ya mwisho ya mwaka. Anayeomba Januari hukuta fungu la mishahara limeshapitishwa, na meneja anayemkubalia moyoni hana pa kuzitoa. Aulize mapema idara ya fedha au utumishi bajeti inaanza kuandaliwa lini, aombe kikao kabla ya hapo.

Kikaoni maneno machache yanatosha: “Bosi, niliajiriwa kwa kazi hizi tatu. Tangu mwaka juzi nafanya na hizi nyingine. Naomba cheo na mshahara vilingane nazo. Pendekezo langu ni 1,800,000.” Kisha anyamaze. Kosa linaloharibu mengi ni kuanza kujishusha kabla hajajibiwa: “lakini hata laki mbili siyo mbaya.”

Jibu la kawaida ni “tutaangalia.” Hapo aulize kwa upole ni nani atakayeamua na lini, na siku hiyohiyo aandike barua pepe fupi ya kushukuru inayotaja tarehe waliyokubaliana. Wakisema fedha hakuna, aombe cheo na maelezo mapya ya kazi sasa, mshahara uingie kwenye bajeti ijayo. Cheo bila fedha kikubaliwe kwa maandishi yenye tarehe ya malipo tu. Bila hivyo amejiongezea mzigo mwenyewe. Na bajeti ya pili ikipita hivihivi, kampuni imeshajibu: karatasi ile ya kazi zilizoongezeka aigeuze kuwa wasifu wake na aanze kuomba kazi kwingine.