Bikaboneti Isiyopimwa: Karatasi ya Gesi za Damu na Makosa ya Sirinji

Mashine ya kupima gesi za damu hutoa karatasi yenye namba nyingi, lakini msingi wa namba hizo ni vipimo vitatu vya damu iliyochotwa kwenye ateri. Cha kwanza ni pH, kinachoonyesha kiwango cha asidi. Cha pili ni pCO2, shinikizo la kaboni dioksaidi, na cha tatu ni pO2, shinikizo la oksijeni. Kwa kawaida kila kimoja kina elektrodi yake. Ile ya pH imetengenezwa kwa kioo maalumu kinachotoa volteji ndogo kulingana na asidi inayokigusa. Ya kaboni dioksaidi nayo ni elektrodi ya pH, ila imefunikwa utando unaopitisha gesi: gesi ikipenya, kimiminika kilicho ndani huzidi kuwa na asidi. Ya oksijeni, iliyobuniwa na Leland Clark miaka ya 1950, husoma mkondo mdogo wa umeme unaotokea oksijeni inapotumika kwenye ncha ya platinamu. Damu hupashwa hadi nyuzi 37 za Selsiasi, joto la mwili, kabla ya kusomwa.

Bikaboneti haimo katika orodha hiyo. Hii ndiyo namba ambayo daktari huiangalia ili kujua kama figo na kemia ya mwili zimehifadhi au zimepoteza uwezo wa kuzimua asidi, lakini mashine haijaigusa. Imeikokotoa kutokana na pH na pCO2 kwa kanuni hii:

```
HCO3 = 0.0307 × pCO2 × 10^(pH − 6.1)
```

Kwa mtu mzima mwenye afya, pH ikiwa 7.40 na pCO2 ikiwa 40 mmHg, jibu ni kama 24 mmol/L. Kanuni hiyo ni sahihi kikemia, ila jibu lake ni zuri kadiri namba zilizoingizwa zilivyo nzuri. Elektrodi ya pH ikisoma juu kwa 0.03 tu, bikaboneti hupanda kwa asilimia 7 hivi, kutoka 24 hadi karibu 26, bila chochote kubadilika ndani ya mgonjwa. Kuna wahudumu waliofundishwa kuhakiki karatasi kwa kuangalia kama namba hizo tatu zinaoana. Kwa karatasi ya mashine hii uhakiki huo hauthibitishi kitu, kwa sababu bikaboneti imezaliwa na hizo mbili nyingine na lazima ioane nazo hata zikiwa zimekosewa. Unaweza kufichua kosa la kunakili kwa mkono, basi.

Makosa mengi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine. La kwanza ni kiputo cha hewa kinachobaki ndani ya sirinji. Hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari, ikishapata joto na unyevu wa damu, ina oksijeni yenye shinikizo la karibu 150 mmHg, na kaboni dioksaidi yake ni kama hakuna. Kiputo na damu huanza kubadilishana gesi mara moja, kila upande ukielekea kulingana na mwenzake. Kadiri sirinji inavyotikiswa au kucheleweshwa, ndivyo mabadilishano yanavyokamilika.

Chukua mfano wa mgonjwa wa mapafu sugu ambaye hali yake ya kweli ni pH 7.25, pCO2 60 na pO2 50. Bikaboneti yake kwa kanuni ni 26. Tuseme sirinji ina mililita moja ya damu na kiputo cha mililita 0.1, kisha ikatikiswa hadi gesi zikalingana. Kwa makadirio, pO2 itapanda hadi karibu 60, ambacho ndicho kizingiti ambacho chini yake madaktari hutangaza kwamba mapafu yameshindwa kazi. Mgonjwa aliyekuwa chini ya kizingiti sasa anaonekana amekifikia. Kaboni dioksaidi itashuka kidogo tu, labda hadi 58, na pH itapanda hadi 7.26, kwa sababu damu ina akiba kubwa ya kaboni dioksaidi iliyofungwa ndani ya bikaboneti yenyewe, nayo hutoka kujaza pengo. Bikaboneti itaendelea kusomeka karibu 26. Hapo ndipo hatari ilipo: namba hiyo imetulia, na mtu anayeitegemea kama ushahidi kwamba sampuli ni nzuri atakuwa amedanganyika.

Mgonjwa anayepewa oksijeni nyingi hupata kosa la upande mwingine. Kama pO2 yake halisi ni 300, kiputo kina oksijeni kidogo kuliko damu, hivyo damu ndiyo inayotoa. Himoglobini yake imeshajaa. Oksijeni ya ziada imeyeyuka tu katika maji ya damu, na kiasi chake ni kidogo sana. Kiputo kile kile cha mililita 0.1 kinaweza kuishusha pO2 hadi 180 hivi, na mapafu yanayofanya kazi vizuri yakaonekana yamezorota.

Kosa la pili ni kuchelewa. Damu iliyo ndani ya sirinji bado ni hai. Seli nyeupe hutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi. Seli nyekundu zilizokomaa hazitumii oksijeni, lakini huvunja glukosi na kutoa asidi ya laktiki. Kwa hiyo pO2 hushuka, pCO2 hupanda, pH hushuka, na bikaboneti huanza kuliwa kweli na asidi hiyo. Katika joto la mwili pCO2 inaweza kupanda kwa mmHg kadhaa ndani ya saa moja. Katika chumba chenye ubaridi mwendo huo hupungua sana. Ndiyo maana mwongozo wa kawaida kwa sirinji ya plastiki ni kupima ndani ya dakika 30. Dakika hizo zinahesabiwa kwa chumba cha nyuzi 22 hivi, si kwa wodi ya Dar es Salaam mwezi wa Februari. Mgonjwa wa saratani ya damu mwenye seli nyeupe nyingi kupita kiasi ni habari nyingine kabisa: oksijeni inaweza kuporomoka ndani ya dakika chache, akaonekana anakosa hewa ilhali anapumua vizuri.

Kuiweka sirinji ya plastiki kwenye barafu si dawa. Plastiki hupitisha oksijeni kidogo kidogo, na damu iliyopoa huivuta oksijeni kwa nguvu zaidi, hivyo pO2 hupanda kwa uongo. Baridi pia huzuia pampu za seli nyekundu, potasiamu ikavuja na kuharibu kipimo kingine. Barafu ilifaa zaidi enzi za sirinji za kioo.

Kinachosaidia ni kutoa kiputo mara tu baada ya kuchota, kabla ya kuchanganya damu na heparini, kuziba ncha na kuandika saa ya kuchota. Matokeo yakitia shaka, yalinganishwe na kitu ambacho hakikutoka kwenye sirinji hiyo. Kwa mgonjwa wa mfano wetu, kipimo cha kidoleni kingeonyesha oksijeni kama asilimia 78, ilhali karatasi ya sampuli yenye kiputo ingedai 85 au 86. Bikaboneti nayo hulinganishwa na jumla ya kaboni dioksaidi inayopimwa moja kwa moja maabara kwa damu ya vena iliyochotwa wakati huo huo. Hiyo kwa kawaida huzidi kwa mmol/L 2 au 3; tofauti ikiwa kubwa zaidi, damu ichotwe upya.