Mti wa ukoo wa Nyerere mtandaoni usomwe kwa tahadhari

Na Mwandishi Wetu, Mugeta

MKAZI wa Mugeta, wilayani Bunda, anayetaka kujua kama ana udugu na Mwalimu Julius Nyerere anaweza kufungua tovuti za miti ya ukoo, kama vile Geni au FamilySearch, na kupata jibu kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba jibu hilo linaweza kuwa na kasoro, na mara nyingi kasoro huanzia kwenye nafasi ya jina la mwisho.

Wengi wanaojaza miti hiyo hudhani kwamba jina la mwisho hurithiwa kizazi hadi kizazi. Kwa Wazanaki wa Butiama wa enzi hizo haikuwa hivyo. Baba wa Mwalimu, mtemi aliyefariki dunia mwaka 1942, aliitwa Nyerere Burito, yaani Nyerere mwana wa Burito. Nyerere lilikuwa jina lake mwenyewe, ambalo inaelezwa alipewa kwa kuwa alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi.

Hivyo, anayemwandika babu kuwa "Burito Nyerere" amempa mzazi jina la mwanawe. Anayetafuta "ukoo wa Nyerere" wa karne ya 19 kwa njia hiyo ataunganisha watu wasiohusiana.

Majina pia hurudiwa. Mwana wa kwanza wa Mwalimu anaitwa Andrew Burito. Tovuti ikipendekeza kurasa mbili za "Burito Nyerere" ziunganishwe, tazama miaka kwanza. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 na kufunga ndoa mwaka 1953. Burito aliye mwanawe hawezi kuwa Burito aliyemzaa mtemi.

Jambo jingine ni mama. Mtemi Nyerere anatajwa kuwa na wake 22. Mama wa Mwalimu ni Mgaya wa Nyang'ombe, lakini Edward Wanzagi, aliyeshika utemi baadaye, ni ndugu yake kwa baba tu. Kama mama wa mtoto hajulikani, nafasi yake iachwe wazi kuliko kujazwa kwa kubahatisha.

Aidha, Mwalimu alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiitwa Kambarage. Jina la Julius alilipata alipobatizwa Desemba 1943. Orodha inayodaiwa kuwa ya mwaka 1934 ikiwa na jina la Julius, basi iliandikwa au kurekebishwa baadaye.

Miti kumi inayokubaliana si mashahidi kumi iwapo yote imenakiliwa kutoka mti mmoja. Fungua sehemu ya vyanzo. Ukikuta umetajwa mti mwingine tu, bado hujapata ushahidi.

Njia salama ni kuanzia kwako kwenda juu: wazazi, babu na bibi, kwa majina waliyoitwa na mama zao, ukiwauliza wazee. Pale mzazi wa mtu fulani asipothibitika, ukoo uliothibitishwa unaishia hapo, hata kama tovuti inaendelea hadi Butiama.