Usaili wa kazi ya mbali: saa ndiyo mtihani wa kwanza

Mtunza hesabu wa Wazo, Dar es Salaam, anayeomba kumfanyia kazi mwajiri wa London akiwa nyumbani, huanza kupimwa kabla hajaonana naye kwenye kompyuta. Kipimo cha kwanza ni namna anavyoijibu barua pepe inayotaja saa ya usaili.

Tanzania haibadilishi saa zake. Mwaka mzima iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hivyo London huwa nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu wakati wa baridi, na saa mbili wakati wa kiangazi cha huko.

Chukulia usaili umepangwa 15:00 za London, Jumatatu inayofuata badiliko la Machi. Wiki iliyotangulia hiyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni kwa Dar es Salaam. Jumatatu hiyo ni saa kumi na moja. Mwombaji aliyeshika hesabu ya zamani atajitokeza akiwa amechelewa saa nzima.

Mtego mwingine umo katika Kiswahili chenyewe. Saa tisa alasiri ni 15:00. Anayemwandikia mgeni "saa 9" amempoteza kwa saa sita.

Dawa ni kuthibitisha kwa maandishi, kwa saa za pande zote mbili: "Jumatatu, 15:00 London, UTC+1, sawa na 17:00 Dar es Salaam, UTC+3." Kama hesabu ina kosa, mwajiri ataliona na kulisahihisha siku kadhaa kabla.

Kipimo cha pili ni kazi ya majaribio, ambayo waajiri wengi hutoa. Hapa umbali una gharama yake. Wakati wa kiangazi cha Marekani, swali lililotumwa saa tatu asubuhi kutoka Dar es Salaam huingia New York saa nane usiku. Ofisi ikifunguliwa saa tatu asubuhi huko, Dar es Salaam ni saa kumi alasiri. Aliyeandika tu "jumla hazilingani" ataulizwa zipi, na siku imekwisha.

Mwenye nidhamu huandika hivi: "Ankara ya tarehe 12 Machi haimo kwenye faili. Jumla niliyoweka haina ankara hiyo. Naomba nakala yake, au idhini ya kuiacha. Wakati huu naendelea na Aprili." Mwajiri anaweza kujibu kwa mstari mmoja, na kazi haikusimama.

Umeme ukikatika, kanuni ni hiyohiyo: taarifa itumwe kwa simu kabla ya muda wa kukabidhi kupita, ikitaja kilichokamilika na saa mpya ya kukabidhi. Mwajiri wa mbali hamwoni mtu akiwa mezani. Anachoona ni ujumbe na saa ulipoingia.